Nani Aliwaokoa Watu wa Mille Collines? Kuitazama Filamu ya Vita kwa Jicho la Kigali

Tarehe 3 Mei 1994, malori ya Umoja wa Mataifa yaliondoka Hoteli ya Mille Collines, katika mtaa wa Kiyovu hapa Kigali, yakiwa yamebeba baadhi ya wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi humo tangu Aprili. Hayakufika yalikokuwa yakienda. Askari na wanamgambo wa Interahamwe waliyasimamisha kizuizini, wakawashusha watu na kuwapiga, huku redio ya RTLM ikiwa imeshatangaza kwamba watu hao wanatoroshwa. Walirudishwa hotelini wakiwa hai, wengine wakivuja damu. Kabla ya mwisho wa mwezi uleule, malori mengine yalitoka kwenye mlango uleule na safari hii yalifika salama.

Mtu yeyote aliyeiona filamu ya Hotel Rwanda anaikumbuka ile safari ya kwanza. Mwongozaji Terry George aliitoa filamu hiyo mwaka 2004, Don Cheadle akiigiza nafasi ya Paul Rusesabagina, meneja wa hoteli, na Sophie Okonedo nafasi ya mkewe Tatiana. Tukio la malori limeigizwa kwa ustadi, na katika mambo ya msingi haliendi mbali na yaliyotokea. Lakini muulize mtazamaji swali jepesi: kwa nini malori ya kwanza yalizuiwa na ya pili yakapita? Wengi watajibu kwamba meneja aliendelea kuhonga, akapiga simu, akatumia akili. Jibu hilo wamelipata kwenye filamu, na haliwezi kueleza kilichobadilika barabarani mwezi ule wa Mei.

Kilichobadilika ni hiki. Upande wa pili wa mji, Remera, kulikuwa na Uwanja wa Amahoro, ambao nao ulijaa maelfu ya watu chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wengi wao Waghana. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa jeshi la FPR. Miongoni mwa waliokuwa uwanjani walikuwamo Wahutu waliotaka kwenda upande wa serikali, na miongoni mwa waliokuwa Mille Collines walikuwamo Watutsi na wapinzani wa serikali waliotaka kwenda upande wa FPR. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kilifanikisha makubaliano ya kubadilishana: lori linalotoka hapa na lori linalotoka kule. Majeshi yote mawili yalikuwa na sababu ya kuliacha lori la mwenzake lipite, kwa kuwa lingezuiwa moja, la pili nalo lisingeondoka.

Katika filamu, uwanja wa Amahoro hauonekani. Hatuwaoni watu waliosubiri upande ule, wala makamanda wa FPR wakipima watakubali nini. Wapiganaji wa FPR wanaingia mwishoni kabisa, wanafyatua risasi, njia inafunguka. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami, kwa sababu ndipo penye somo kubwa kuliko kasoro ndogondogo za mavazi, lafudhi au bunduki ambazo watu hupenda kuzitafuta. Uongo wa filamu ya vita mara nyingi hauko kwenye kile inachokionyesha. Uko kwenye sababu: nani anapewa sifa ya kulifanya jambo litokee. Upande uliofutwa kwenye hadithi huacha pengo, na pengo hilo hujulikana kwa matokeo yasiyo na chanzo. Hatari inaondoka bila sisi kujua iliondolewa na nini, au jeshi linarudi nyuma bila kuonekana aliyelisukuma. Ukiliona hilo, andika pembeni, kisha utafute kwenye kumbukumbu ni nani alikuwa amesimama mahali hapo.

Nimefanya hivyo na Mille Collines, na orodha ya waliokosekana ni ndefu. Wamo waangalizi wa kijeshi wa UNAMIR waliolala hotelini na askari wa Tunisia waliokaa mlangoni. Kulikuwa pia na simu na faksi ambazo wakimbizi wenyewe, si meneja peke yake, walizitumia kuwasiliana na Ulaya usiku kucha. Ulimwengu ulikuwa ukiitazama hoteli ile, mali ya shirika la ndege la Ubelgiji la Sabena, na wakuu wa jeshi la serikali walijua kwamba wanatazamwa. Wakimbizi waliookoka humo walikuwa zaidi ya 1,200. Filamu inataja 1,268. Hakuna hila ya mtu mmoja inayoweza kubeba uzito wa watu wote hao kwa zaidi ya mwezi.

Aliyekosekana kwa namna inayoniuma zaidi ni Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiyebeba silaha. Baada ya Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana kuuawa tarehe 7 Aprili, ni yeye aliyewatoa watoto wa marehemu mafichoni na kuwafikisha Mille Collines. Kisha akawa anavuka vizuizi kwa gari lake, akiwa na watu wachache kila mara, akiwalegeza wauaji kwa utani, sigara na ucheshi wake. Katika Hotel Rwanda hayupo. Umoja wa Mataifa umefupishwa kuwa Kanali Oliver, mzungu aliyechoka anayeigizwa na Nick Nolte, mhusika wa kubuni aliyewekwa badala ya Dallaire. Mtazamaji wa Dakar au Accra akimaliza filamu hii hatajua kwamba vijana wa kwao walibaki Kigali wakati wengine wanaondoka. Si lazima tuseme kuna aliyekaa akapanga kuwadharau. Filamu ya kuuzwa Marekani ilitafuta uso ambao mtazamaji wa kule angeutambua, na uamuzi huo wa kibiashara ukawa historia kwa mamilioni ya watu.

Namna Diagne alivyokufa inatufikisha kwenye jambo gumu zaidi. Tarehe 31 Mei kombora la mota liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi cha serikali, kipande kikampiga kichwani. Kombora hilo lilitoka upande wa FPR, likiwa limelengwa kwenye nafasi za jeshi la serikali. Yaani mtu aliyetumia siku zake kuwaokoa watu na mauaji ya kimbari aliuawa na vita. Katika Kigali ya mwaka 1994 mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, kwenye barabara zilezile. Kulikuwa na vita kati ya majeshi mawili, vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990 FPR ilipoingia kutoka Uganda. Na kulikuwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambamo serikali, jeshi lake na wanamgambo waliwawinda raia nyumbani, makanisani na vizuizini. Vita vina pande mbili zenye silaha. Mauaji ya kimbari yana muuaji na anayeuawa, na mtoto aliyejificha darini si upande wa kitu chochote.

Kwa hiyo anayetaka kuchambua jinsi filamu inavyoonyesha pande zote mbili aulize kwanza: pande zipi, za jambo lipi? Propaganda iliyo hatari kuliko zote kuhusu Rwanda inapita hapo, kwa kuyachanganya hayo mawili. Inachukua kombora la mota na panga la kizuizini, inaviweka kwenye mizani moja, halafu inasema kwa sauti ya upole kwamba kulikuwa na mapigano ya kikabila, wote waliua, wote walikufa. Kwenye filamu utaitambua kwa uhariri: picha ya wapiganaji wakikimbia na bunduki inaunganishwa na picha ya maiti za raia bila kutajwa mahali wala tarehe, muziki mmoja ukipita juu ya zote. Ukikutana na muunganiko kama huo, simamisha filamu ujiulize ni nani aliyemuua huyu tunayemwona, wapi, lini. Kama filamu haikupi hata kimoja kati ya hivyo, haijakueleza kitu. Imekutia hisia tu.

Usawa wa aina hiyo si haki. Lakini kusema hivyo hakumfanyi mpiganaji wa upande ulioyakomesha mauaji awe malaika. Mwezi Juni 1994 askari wa FPR waliwaua maaskofu watatu na makasisi kadhaa huko Gakurazo, karibu na Kabgayi. Mahakama ya kijeshi ya Rwanda yenyewe ilisikiliza kesi hiyo mwaka 2008 na kuwafunga makapteni wawili waliokiri, huku maofisa wawili wa juu zaidi wakiachiwa. Filamu ya kweli inaweza kulieleza hilo kama uhalifu wa kivita, likabaki kuwa uhalifu, bila kuligeuza kuwa kisingizio cha kupunguza mauaji ya kimbari. Filamu isiyoweza kubeba yote mawili kwa wakati mmoja ina jambo inaloliogopa.

Turudi kwenye Hotel Rwanda, safari hii kwenye mwanzo wake. Skrini iko nyeusi, na sauti ya kwanza tunayoisikia ni ya redio ikieleza sababu za kuwachukia Watutsi. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kabisa wa filamu nzima. Unamweka mtazamaji pale walipokuwa Wanyarwanda wa wakati ule, kwenye sauti kabla ya damu. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Lakini filamu inaiachia redio ile historia yote. Hadithi inaanza siku chache kabla ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kuangushwa tarehe 6 Aprili. Yaliyotangulia yamebanwa kwenye mazungumzo mafupi ya baa, ambapo mwandishi wa hapa anamweleza mgeni kwamba Wabelgiji waliwagawa watu kwa kupima pua. Vita vya 1990 havionekani, wala mauaji ya Watutsi ya miaka ya kabla, wala wakimbizi waliokaa Uganda tangu mwaka 1959. Mtazamaji asiyeijua nchi hii anabaki akidhani chuki ilishuka kutoka mawinguni wiki moja ya Aprili.

Tarehe ya kuanzia hadithi si jambo dogo katika filamu za vita. Anayeanzia Oktoba 1990 anaifanya FPR ionekane ndiyo iliyoleta balaa, na RTLM ilipenda mno kuanzia hapo, au kurudi zaidi nyuma kwenye enzi za wafalme, ili msikilizaji ajione mtu anayejilinda. Anayeanzia 1959 anawaona kwanza waliofukuzwa. Anayeanzia Aprili 1994 anaona mauaji bila maandalizi. Kila tarehe kati ya hizo ni ya kweli. Uongo unaingia pale tarehe moja inapotumika kuwafanya waliouawa waonekane walijitakia.

Mbinu hiyo ya kujifanya unajilinda ina mfano wake kamili kabla hata ya RTLM kuzaliwa. Mwezi Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya taifa, ilisoma mara kadhaa tangazo lililodai kwamba kumegunduliwa mpango wa kuwaua viongozi wa Kihutu. Madai hayo yalikuwa ya kutunga. Siku zilezile Watutsi wa Bugesera walishambuliwa, mamia wakauawa na nyumba zao zikachomwa. Aliyekuwa akipanga kuua alimsingizia mwenzake mpango wa kuua. Kwa mtazamaji wa filamu kipimo ni hiki: je, dai la mhusika kwamba yuko hatarini linaonyeshwa kama dai lake, au kamera yenyewe inalithibitisha? Hotel Rwanda inafanya vizuri hapa. Kabla ya ndege kuanguka, kreti linapasuka kwenye ghala la Georges Rutaganda na mapanga yanamwagika sakafuni. Picha ile moja inalibomoa dai la redio, kwa kuwa anayejilinda ghafla hangekuwa ameshajaza ghala.

Rutaganda alikuwa mtu halisi, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, aliyehukumiwa kifungo cha maisha huko Arusha mwezi Desemba 1999. Kwenye filamu anapata jina, tabasamu, shati la rangi na biashara. Wanaomfuata hawapati chochote. Ni umati wenye filimbi na marungu, na majirani walioua majirani wamepotea ndani ya umati huo. Filamu ya Sometimes in April ya Raoul Peck, iliyotoka mwaka 2005 na kupigwa hapahapa Rwanda, ilijaribu njia ngumu zaidi. Inawafuata ndugu wawili wa Kihutu: mmoja kapteni wa jeshi mwenye mke wa Kitutsi, mwingine mtangazaji wa RTLM anayeishia kizimbani Arusha. Ndugu yule wa redio si zimwi, na ndiyo sababu anatisha. Anakula mezani, halafu anakwenda kazini. Kumpa muuaji sura ya mtu si kumtetea. Propaganda ndiyo inayohitaji adui asiye na sura, kwa kuwa asiye na sura hana uamuzi aliouchukua, na asiyechukua uamuzi hawezi kuhukumiwa.

Kuna tukio ambalo mpiga picha wa kubuni, anayeigizwa na Joaquin Phoenix, anarudi hotelini na mkanda wa mauaji aliyoyanasa mtaani, kisha anamwambia meneja kwamba watu wakiuona watasema ni jambo la kutisha, kisha wataendelea na chakula chao cha jioni. Nyuma yake upo mkanda wa kweli. Mwezi Aprili 1994 Mwingereza Nick Hughes alipanda juu ya jengo la Shule ya Kifaransa hapa Kigali na kuelekeza kamera ng'ambo ya bonde, upande wa Gikondo. Alinasa watu waliopiga magoti barabarani, mwanamke akiomba kwa mikono, wanaume wenye marungu wakipita, wakienda na kurudi kama wenye kazi nyingine ya kufanya. Ni moja ya picha chache mno za mauaji yenyewe zilizorekodiwa. Ilitumika kama ushahidi huko Arusha.

Wekeni mkanda huo kando ya filamu yoyote ya vita muone tofauti. Katika mkanda wa Hughes watu ni wadogo kama punje na picha inatikisika. Hakuna muziki, hakuna sura iliyosogezwa karibu ili tulie. Hujui aliyeanza, hujui majina. Hata hivyo mahali panajulikana, kamera iliposimama panajulikana, mpiga picha alihojiwa mahakamani. Kwa sababu hiyo, miaka mingi baadaye mwandishi wa Kanada, Allan Thompson, aliweza kuufuatilia hadi mtaani, na familia ikawatambua baba na binti yake miongoni mwa wanaouawa. Kipande cha propaganda hakiwezi kufuatiliwa namna hiyo, kwa kuwa kimekatwa kutoka mahali pake. Hughes mwenyewe, akiwa na Eric Kabera, baadaye alitengeneza 100 Days, filamu ya hadithi ya kwanza kuhusu mauaji haya, iliyotoka mwaka 2001.

Je, Hotel Rwanda ni propaganda basi? Sisemi hivyo. Ni filamu ya biashara iliyomhitaji shujaa mmoja, na ilifanya kazi nzuri ya kuwaambia watu wa mbali kwamba jambo hili lilitokea na walilitazama. Lakini filamu isiyotengenezwa kwa propaganda inaweza kutumiwa hivyo baadaye, na hii imetumiwa na pande zote. Mwaka 2005 Rusesabagina alipewa nishani ya juu ya kiraia ya Marekani. Akaingia kwenye upinzani wa kisiasa akiwa uhamishoni. Mwezi Septemba 2021 mahakama ya Kigali ilimhukumu miaka 25 kwa mashtaka ya ugaidi yaliyohusu mashambulizi ya kundi la FLN ya mwaka 2018 na 2019, kesi iliyopingwa na serikali za nje na mashirika ya nje. Mwezi Machi 2023 aliachiwa kwa amri ya Rais.

Miaka yote hiyo nimewasikia watu wakijadili kesi ile kwa kumtazama Don Cheadle. Wengine walisema hawezi kuwa na hatia, kwa kuwa alikuwa shujaa. Wengine walisema kwa kuwa ametiwa hatiani, basi hata yale ya hotelini ni uzushi. Hoja zote mbili zinamchukua mwigizaji na kumfanya shahidi. Yaliyotokea hotelini yanajulikana kwa kuwauliza walioishi humo, na hao hawakubaliani: wapo wanaomshukuru, na wapo, kama Edouard Kayihura aliyeandika kitabu chake mwaka 2014, wanaosema alidai malipo ya vyumba kwa watu waliokimbia kifo. Yeye ameyakanusha madai hayo. Hukumu ya 2021 haikuhusu mwezi wa Mei 1994 hata kidogo.

Ni haki kipimo hikihiki tukiweke kwenye filamu tunazozipenda hapa nyumbani. The 600, iliyotoka mwaka 2019, inasimulia habari za askari takriban 600 wa FPR walioletwa Kigali Desemba 1993 kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha, wakawekwa kwenye jengo la bunge, CND, kuwalinda wanasiasa wao. Mauaji yalipoanza walizingirwa, wakatoka kupigana na kuokoa watu katika mitaa ya jirani hadi wenzao walipofika kutoka kaskazini. Filamu hiyo inajitangaza wazi kuwa simulizi la askari wenyewe, na uwazi huo ni jambo la kuheshimika: tunajua kamera imesimama wapi. Kazi inayobaki ni ya mtazamaji. Askari anaposema walifika mtaa fulani usiku fulani wakawatoa watu, mtafute aliyetolewa, naye ana saa yake na njia yake anayoikumbuka. Wengi wao wangali Remera na Kimironko, na wengine walikuwa pale pale Amahoro, upande wa yale malori ambao Hotel Rwanda haikuuonyesha.